Ukungu Ndani ya Hedseti: Uso Kwanza, Mboni Baadaye, Kasi Mwisho

Mtu akivaa hedseti ya uhalisia pepe kwa mara ya kwanza, malalamiko yake huwa ni mawili tu: "mbona naona ukungu?" au "kichwa kinanizunguka." Mara nyingi chanzo ni kimojawapo kati ya vitatu, na tabu ni kwamba vyote vitatu humjia mvaaji kwa sura ileile. Huenda hedseti imekaa vibaya usoni. Huenda lenzi zimekaribiana au zimeachana kuliko mboni za macho yake. Au huenda picha zinatakiwa zije kwa kasi ambayo mashine haiimudu. Nimeona watu wakishika vyote kwa mpigo, huku wanasogeza lenzi, huku wanakaza mkanda, huku wanabadili mipangilio, mpaka hawajui tena kilichosaidia ni kipi na kilichoharibu ni kipi. Mimi nafuata mpangilio mmoja: uso kwanza, mboni baadaye, kasi mwisho. Hauna ujanja wowote, ila kila hatua inaitegemea iliyotangulia.

Ya nyumbani kwetu Tanga ni Meta Quest 2, toleo lililotoka mwaka 2020, na tuliinunua ikiwa imeshatumika. Wanaoivaa ni wengi: mimi, mdogo wangu anayeiunganisha na kompyuta kwa ajili ya gemu za magari, na shangazi, aliyekuja kututembelea sikukuu ya Idi akataka aone video ya Makka ya kutazama pande zote. Kumwekea shangazi ndiko kulikonionyesha vizuri jinsi mambo haya matatu yanavyojificha nyuma ya neno moja la "ukungu", kwa hiyo nitamfuata yeye.

Alikaa kwenye kiti, akaivaa juu ya miwani yake na mtandio, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi hapa naona maandishi yana ndevu."

Ndevu ndiyo hasa. Lenzi za Quest 2 ni za aina ya Freneli, yaani plastiki nyembamba yenye mistari ya duara iliyochongwa mmoja ndani ya mwingine. Lenzi hizi ni nyepesi, lakini sehemu yake inayoonyesha kila kitu kwa ukali ni ndogo, ipo katikati. Jicho likitoka nje ya sehemu hiyo kwa milimita chache, herufi nyeupe kwenye usuli mweusi huanza kutoa miale, kingo zake huchuja rangi, na mwisho huwa ukungu mtupu. Hedseti mpya zaidi kama Quest 3, iliyotoka 2023, zina lenzi bapa za aina nyingine ambazo sehemu yake safi ni pana zaidi, kwa hiyo zinasamehe makosa mengi. Freneli haisamehi.

Watu wengi wakisikia "katikati ya lenzi" wanafikiria kushoto na kulia, wanakimbilia kusogeza lenzi. Lakini lenzi zinasogea kwa upana tu. Kwa juu na chini hakuna cha kuzisogeza. Kinachoziweka mahali pake ni namna hedseti ilivyokaa usoni. Na kwa uzoefu wangu, ukungu mwingi wa siku ya kwanza ni huu wa juu na chini. Hedseti ina uzito wa gramu 503, karibu wote uko mbele, kwa hiyo mkanda ukilegea kidogo tu hushuka kuelekea puani, na macho hubaki yakichungulia kwa sehemu ya juu ya lenzi.

Jaribio lake ni rahisi. Fungua ukurasa wowote wenye maandishi, tazama mstari ulio mbele yako moja kwa moja, kisha shika hedseti kwa mikono miwili uipandishe na kuishusha taratibu usoni bila kusogeza kichwa. Kuna mahali herufi zitakaza ghafla. Hapo ndipo pako. Kazi inayobaki ni kuifanya hedseti ikae hapohapo ukiiachia, na hiyo ni kazi ya mikanda.

Mkanda wa nyuma usikae katikati ya kisogo. Ushushe mpaka ukumbatie sehemu ya chini, pale fuvu linapoingia ndani kuelekea shingoni, ndipo unapopata pa kushikilia. Kisha kaza ya pembeni kiasi cha kuzuia hedseti isicheze ukitikisa kichwa. Mwisho vuta mkanda wa juu ya utosi, maana huo ndio unaobeba uzito wa mbele. Wengi hufanya kinyume: huuacha wa juu umelegea na kuifunga ya pembeni kwa nguvu zote, na baada ya dakika ishirini wana alama nyekundu mashavuni na maumivu ya paji la uso, na hedseti bado inashuka. Kwa shangazi tatizo lilikuwa mtandio wa hariri. Mkanda ulikuwa ukiteleza juu yake kila akigeuza kichwa. Alipoubadili kwa kitambaa cha pamba, ulitulia. Mwenye rasta au nywele ndefu zilizofungwa nyuma azipitishe kwenye uwazi wa mkanda wa kisogoni, asizikandamize chini yake.

Ndevu zikapungua. Hazikuisha.

Sasa suala la miwani. Shangazi anaona mbali vizuri, miwani yake ni ya kusomea tu, ile ambayo watu huanza kuihitaji wakifika miaka arobaini na kitu. Alifikiri, na mtu yeyote angefikiri hivyo, kwamba kwa kuwa skrini iko sentimita chache tu kutoka jichoni, ni lazima avae miwani ya karibu. Kumbe sivyo. Kazi ya lenzi za hedseti ni kuupeleka mwanga wa skrini ujifanye unatoka mbali, zaidi ya mita moja mbele yako, na umbali huo haubadiliki hata ukitazama kitu kinachoonekana kiko mkononi mwako. Kwa jicho, kila kitu kilichomo mle kiko umbali uleule. Kwa hiyo miwani ya kusomea, iliyotengenezwa kwa kitabu kilicho sentimita arobaini hivi, inavuruga. Nilimwomba aivue. Akaguna, akavua, akavaa tena hedseti.

"Heee. Sasa naona."

Asiyeona mbali mambo yake ni kinyume: huyo anaihitaji miwani yake ndani ya hedseti kama anavyoihitaji barabarani. Kwa ajili yake kuna kipande cheusi cha plastiki kinachokuja kwenye boksi, ambacho huingizwa kati ya sponji ya usoni na hedseti ili kuongeza nafasi. Kwenye iliyotumika kipande hiki mara nyingi huwa kimepotea, kwa hiyo kiulizie kabla ya kulipa. Fremu ya miwani isizidi upana wa milimita 142 na urefu wa milimita 50 wa kwenda juu, vinginevyo haitaingia vizuri. Anza kuvaa kwa mbele, kisha ndipo upeleke mkanda nyuma, na ukivua toa mbele kwanza, la sivyo miwani itabaki ndani na kusugua lenzi. Lenzi ni za plastiki. Kioo cha miwani kikizigusa kila siku zitapata mikwaruzo ya duara katikati kabisa, mahali pale unapopahitaji, na mikwaruzo hiyo haifutiki. Hicho ndicho kitu cha kwanza ninachokitazama mtu akinionyesha hedseti ya kuuza: naigeuza kwenye mwanga wa taa na kutafuta duara jeupe katikati ya lenzi.

Hapo ndipo tunafika kwenye mboni. Umbali kati ya katikati ya mboni moja na nyingine, ambao kwenye mipangilio huandikwa IPD, kwa mtu mzima huwa karibu na milimita 63 kwa wastani, lakini watu hutofautiana sana. Mwenye 57 na mwenye 70 wote ni watu wa kawaida. Upana wa lenzi za Quest 2 haurekebishwi kidogo kidogo. Ina nafasi tatu tu: ya 1 ni milimita 58, ya 2 ni 63, ya 3 ni 68. Unashika lenzi zote mbili kwa vidole, unazivuta au kuzisukuma kwa pamoja, na namba inaonekana katikati yake. Maelekezo ya mtengenezaji ni kwamba mwenye chini ya 61 atumie ya kwanza, wa 61 mpaka 66 ya pili, wa juu ya 66 ya tatu.

Shangazi alikuwa na kadi ya duka la miwani iliyoandikwa 58. Ukiichukua namba hiyo hivihivi utamweka kwenye nafasi ya 1 na kuondoka ukiwa umeridhika. Lakini ile ilikuwa kadi ya miwani ya kusomea. Macho yakitazama kitu cha karibu hugeukia ndani, kuelekea pua, na umbali wa mboni hupungua milimita tatu au nne. Ndani ya hedseti macho hutazama kama yanatazama mbali, kwa hiyo namba inayotakiwa ni ile ya mbali, ambayo kwake ingekuwa kama 61 au 62.

Tulipima kwa kioo ili kuhakikisha. Unasimama mbele ya kioo, karibu kiasi cha kuona milimita za rula vizuri, unailaza rula juu ya nyusi. Funga jicho la kulia, na kwa la kushoto weka sifuri ya rula juu ya katikati ya mboni yake yenyewe kwenye kioo. Bila kusogeza rula wala kichwa, funga la kushoto, fungua la kulia, usome namba iliyo juu ya mboni ya kulia. Uzuri wa njia hii ni kwamba kila jicho linatazama taswira yake lenyewe, kwa hiyo yote mawili yanatazama mbele kwa mistari sambamba, kama vile yanatazama mbali, ingawa kioo kiko karibu. Ukimwomba mwenzako akupimie uso kwa uso huku unamtazama puani, utapata namba ndogo kuliko ya kweli. Rudia mara kadhaa. Milimita moja ya huku na huku ni kawaida ya mkono.

Rula ilisema 61. Yaani mpakani kabisa. Nafasi ya 1 ingemkosa kwa milimita 3, ambayo ni milimita moja na nusu kwa kila jicho. Nafasi ya 2 ingemkosa kwa 2, milimita moja kwa kila jicho. Hesabu inasema ya 2. Ila kwa kuwa rula nayo ina kosa lake, hapa ndipo jaribio la ndani ya hedseti linapokata shauri, na hili ningependa kila mtu alijue.

Tazama maandishi yaliyo mbele yako. Funga jicho la kushoto. Kwa mkono, isukume hedseti yote kidogo kulia, kisha kidogo kushoto, ujue ni upande gani jicho la kulia linaona vizuri zaidi. Kisha funga la kulia ufanye hivyohivyo kwa la kushoto. Ikiwa jicho la kulia linataka hedseti iende kulia, na la kushoto linataka iende kushoto, maana yake kila jicho liko nje ya lenzi yake: lenzi zimekaribiana mno, panda namba. Ikiwa la kulia linataka kushoto na la kushoto linataka kulia, yote yakivuta kuelekea pua, lenzi zimeachana mno, shuka namba. Na ikiwa yote mawili yanataka upande uleule, usiguse lenzi kabisa, hedseti imekaa upande usoni tu.

Kwenye nafasi ya 1, macho ya shangazi yote mawili yalivuta nje. Kwenye ya 2, hayakuvuta popote pa kuonekana. Tukaacha ya 2.

Mwenye 65 au 66 naye yuko mpakani, na kwake kuna jambo la ziada. Quest 2 ina skrini moja iliyogawanywa kwa macho mawili, haina mbili zinazosogea pamoja na lenzi. Lenzi zikipelekwa nafasi ya 3, picha husogezwa nje mpaka ukingo wa skrini, na sehemu kidogo ya pembeni hukatika. Kwa hiyo kama nafasi ya 2 na ya 3 zinakaribiana kwa ukali, chukua ya 2. Quest 3 ina gurudumu dogo la kuzungusha na skrini mbili, kwa hiyo haya yote hayaihusu. Quest 3S ya 2024 imerudia nafasi tatu, kwa hiyo yanaihusu.

Kama lenzi ziko sawa, urefu uko sawa, na jicho moja pekee bado lina ukungu, mipangilio haina dawa. Funga jicho moja baada ya jingine: tofauti kubwa kati yao mara nyingi ni ya macho yenyewe. Mdogo wangu alikuwa hajui kuwa jicho lake la kushoto halioni mbali mpaka alipofanya jaribio hili. Sasa ana miwani.

Na ni yeye aliyekuwa na tatizo la kasi. Hakuwa na ukungu wala ndevu. Alikuwa na kichefuchefu kila akicheza gemu ya magari kwa kebo kutoka kwenye kompyuta, na alikuwa ameweka kasi ya kuonyesha upya kwenye 120 Hz kwa sababu ndiyo namba kubwa kuliko zote kwenye orodha. Fikra kwamba kubwa ndiyo bora ina ukweli wake. Skrini ikibadili picha mara 120 kwa sekunde, mwendo wa kichwa unaonekana laini kuliko mara 72, na kuna wanaoona 72 ikimetameta kwenye anga jeupe. Lakini kasi hiyo ni ahadi ambayo kompyuta inapaswa kuitimiza kila mara. Kwa 72, kila fremu, yaani kila picha moja, ina milisekunde 13.9 za kutengenezwa. Kwa 90 ni 11.1. Kwa 120 ni 8.3 tu.

Tulifungua kipimo cha muda wa fremu kilichomo ndani ya SteamVR, programu ya kompyuta inayoendesha gemu za hedseti. Kompyuta yake ilikuwa inachukua milisekunde 12 hadi 13 kwa kila fremu barabarani. Basi 120 ilikuwa ndoto, na hata 90 haikuwezekana. Fremu ikichelewa, mfumo hauiachi skrini tupu. Huchukua ya zamani na kuipinda ifuate kichwa, au huishusha gemu mpaka nusu ya kasi na kubuni fremu za katikati. Alama yake unaiona ukijua pa kutazama: geuza kichwa taratibu, mazingira ya mbali yanatulia, lakini usukani na kingo za dirisha la gari zinayumba kama zimelowa maji. Alikuwa akiliona hilo kila siku akidhani ndivyo gemu ilivyo.

Kwenye 80 Hz kuna milisekunde 12.5, ambayo ni karata ya bahati kwa mashine inayotumia 12 hadi 13. Tukashuka 72, kwenye programu ya Quest Link ya kompyuta, sehemu ya mipangilio ya picha ya kifaa. Kuyumba kukakoma siku hiyohiyo. Baadaye alipunguza vivuli na ubora wa picha mpaka fremu ikashuka kwenye milisekunde 9 na kitu, ndipo akapanda 90. Mimi ningemshauri mtu yeyote aende hivyo: anzia 72, hakikisha fremu hazichelewi, kisha panda ngazi moja ukiwa na milisekunde moja au mbili za akiba, kwa sababu barabara yenye magari mengi huwa nzito kuliko ile uliyopimia.

Bila kompyuta, huna mengi ya kuchagua. Gemu nyingi za ndani ya hedseti zina kasi iliyowekwa na waliozitengeneza, na 120 inafanya kazi pale tu gemu yenyewe inapoikubali.

Kuna Hz nyingine kwenye mipangilio inayochanganya watu, inaitwa Tracking Frequency. Haihusu skrini. Inahusu kamera za nje, ambazo husumbuliwa na taa zinazomemeta kufuatana na umeme wa ukutani. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa 50 Hz, wa Marekani ni 60. Hedseti iliyotoka kwa ndugu Marekani ikiwa imebanwa kwenye 60, inaweza kupoteza vidhibiti vya mkononi chini ya taa za nyumbani bila sababu inayoonekana. Iweke 50, au uiache ijichagulie.

Ukishamaliza yote haya na kizunguzungu bado kipo, acha kugusa mipangilio hii na ufanye jaribio la mwisho: fungua kitu ambacho hukuhamishi, kama video ya kukaa na kutazama, au mchezo ambao unatembea kwa miguu yako mwenyewe tu. Ukiwa salama huko na unaugua tu pale kijiti cha kidhibiti cha mkononi kinapokusogeza, basi macho yanaona mwendo ambao sikio la ndani halijauhisi. Lenzi na Hz hazitibu hilo. Dawa yake iko ndani ya mipangilio ya gemu: kuhama kwa kuruka kutoka hapa hadi pale badala ya kuteleza, na kugeuka kwa vipande badala ya mzunguko laini. Shangazi hakuugua kabisa kwenye video ya Makka. Mdogo wangu alipomtia kwenye gari akaomba kushuka kona ya pili.

Kwa kuwa tunaivaa wengi, nimebandika karatasi ndani ya boksi: shangazi, nafasi ya 2, bila miwani; mdogo wangu, nafasi ya 3, na miwani, kipande cheusi kiwepo; mimi, nafasi ya 2. Chini yake nimeandika kwa wino mwekundu kwamba isiachwe dirishani lenzi zikiwa zimeangalia jua, kwa sababu lenzi hizohizo hukusanya jua na kuunguza nukta kwenye skrini kwa muda mfupi sana, na zifutwe kwa kitambaa kikavu cha miwani, si kwa spiriti.